Nimemwandikia mpwa wangu barua kuhusu wauza daimondi na wabadilishana akaunti. Ikosoeni kabla sijaituma

#1 MjombaTabata

Habari wakuu. Mpwa wangu ana miaka 15, yuko likizo, na muda wote yuko kwenye Free Fire, ule mchezo wa simu ambao daimondi ndiyo hela yake. Juzi kaja kuomba nimuongezee hela, kisha akanionyesha ofa mbili alizoletewa kwenye grupu la WhatsApp. Nimemnyima, ila kumnyima tu hakumfundishi kitu, ndiyo maana nimeandika hii barua. Dai langu ni kwamba muuza daimondi anayetaka kuingia kwenye akaunti yako ni mwizi, na kwamba kubadilishana akaunti hakuna usalama hata kama mwenzako hana nia mbaya siku mnapobadilishana. Kama kuna mahali nimepotoka semeni, maana mchezo wenyewe anaujua kuliko mimi, na akinikamata kwenye jambo moja atatupa barua nzima.

*Mwanangu,*

*Marahaba. Mama yako kaniambia umenuna. Nuna, lakini soma mpaka mwisho.*

*Tuanze na yule wa daimondi 5,600 kwa shilingi 15,000. Fungua duka la ndani ya mchezo utazame mwenyewe, kifurushi hicho kinauzwa karibu dola 50, yaani zaidi ya shilingi laki moja. Yeye anasema anazo nyingi kwenye akaunti yake, atakurushia. Wewe umecheza miaka yote hiyo, umewahi kuona kitufe cha kurusha daimondi? Hakipo. Daimondi hazihami kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Kwa hiyo alilokwambia haliwezekani, na mtu anayeanza biashara kwa jambo lisilowezekana huna haja ya kumsubiri afike mwisho.*

*Halafu angalia alichokuomba. Kuwekewa daimondi kwa njia halali kunahitaji ID yako ya mchezaji tu, zile tarakimu zilizo kwenye wasifu wako ambazo hata adui yako anaziona. Ukiziandika kwenye duka rasmi, jina lako la mchezo linatokea kabla hujalipa, ukihakikisha ni lako unalipa. Hakuna paswedi hapo. Huyu wako aliandika hivi, nimenakili kwenye simu yako: "Nipe namba ya Facebook na paswedi niingie niweke kwa njia ya ndani. Usifungue gemu dakika 30 maana itakwama." Hizo dakika 30 ndizo anazozihitaji. Anabadilisha paswedi, anaweka baruapepe yake, anatoa namba ya mama yako, na wewe umekaa pembeni unasubiri kwa sababu kakwambia usubiri. Na akikuomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu, hiyo huenda hata siyo ya mchezo. Inaweza kuwa ni ya WhatsApp ya mama yako, na jioni shangazi zako wote wataombwa hela kwa jina lake.*

*Sasa huyu wa kubadilishana. Anataka akaunti yako ya leveli 58 yenye* `Blue Flame Draco`*, akupe ya leveli 71 na daimondi 2,000 juu yake. Akaunti yako haina paswedi yake yenyewe. Imefungwa kwenye Facebook yako, na yake imefungwa kwenye Google yake. Mnachobadilishana hapo ni Facebook na Google. Yeye ndiye aliyeifungua hiyo Google, simu yake imo kwenye kumbukumbu, risiti za kila alichonunua anaweza kuwa nazo. Siku akisema "akaunti yangu imeibiwa," ushahidi wote uko upande wake. Wewe utakuwa na skrinishoti za mazungumzo tu. Na Garena, wenye mchezo, hawaruhusu kuuza wala kubadilishana akaunti, kwa hiyo ukienda kulalamika unaanza kwa kukiri kwamba umevunja masharti yao.*

*Ukiletewa ofa nyingine, nipigie kabla hujajibu. Sitakunyang'anya simu. Mama yako naye nimeshamwambia asikunyang'anye.*

*Mjomba wako*

---

#2 Kipanya_HS

Mkuu kwenye paswedi uko sahihi kabisa, hapo sina neno. Ila kwenye kubadilishana umekaza mno. Mimi nimebadilishana na watu na akaunti ninayochezea leo si ile niliyoanza nayo. Tatizo vijana wanapokea akaunti wanakimbilia kucheza. Ukipokea, badilisha paswedi, badilisha namba, badilisha baruapepe ya kurudishia, toa vifaa vyote vilivyoingia. Ukimaliza hayo siku hiyohiyo akaunti ni yako, mwenye nayo wa zamani anabaki anaangalia tu.

#3 ZuberiMtulivu

Barua nzuri ila ndefu. Kijana wa miaka 15 atafika kwenye "umenuna" na kurudi kwenye gemu. Mrekodie sauti.

#4 FundiSimu_Kkoo

#2 hapo kwenye "siku hiyohiyo" ndipo vijana wanapolizwa. Ukibadilisha namba au baruapepe ya kurudishia kwenye Google, ile ya zamani haifi papo hapo. Google wanaweza kuendelea kutuma namba za uthibitisho kwenye ile ya zamani kwa siku 7. Wameweka hivyo kumlinda mtu aliyeibiwa, na mtoaji wa akaunti anautumia mlango huohuo.

Nikupe kisa kimoja, kililetwa mezani kwangu. Kijana alibadilishana Jumatatu usiku. Akafanya yote uliyosema, tena kwa umakini: paswedi mpya, namba yake, baruapepe yake, akatoa kifaa cha mwenzake. Jumanne mpaka Alhamisi anacheza vizuri, na yule bwana anamsalimia kwenye WhatsApp, "vipi inapiga?" Ijumaa alfajiri simu ikamwambia aingie upya. Paswedi haikubali. Akamtafuta jamaa, kashamzuia. Alipokuja kwangu alifikiri simu ina virusi. Nikamfungulia baruapepe yake mwenyewe, tukaona taarifa ya Google kwamba namba ya kurudishia imebadilishwa, saa tisa na dakika kadhaa usiku.

Kilichomuuma zaidi, ile akaunti yake ya mwanzo alishaitoa, na ilikuwa kwenye Facebook aliyofungua kwa namba ya laini iliyopotea zamani. Huyo jamaa alibaki na zote mbili.

#5 Kipanya_HS

Hiyo ya siku 7 nilikuwa sijui, nashukuru. Basi ngoja siku 8 kabla hujatoa ya kwako.

#6 FundiSimu_Kkoo

Na yeye akisema wewe ndiye utoe kwanza, yeye angoje siku 8? Kila mmoja ana sababu ileile ya kutotangulia.

#7 Kipanya_HS

Ndiyo maana kuna mtu wa kati.

#8 MamaWawili_Arusha

Samahani nimechelewa kuuona huu uzi. Na mimi yamenikuta, mwanangu ametumia simu yangu kununua daimondi za shilingi 60,000 bila kuniambia, kumbe malipo yalikuwa yamehifadhiwa kwenye Google Play. Nikiwapigia watu wa M-Pesa watanirudishia?

#9 Mwl_Msamvu

Pole mama, ila hiyo ni habari nyingine kidogo na ya mtoa mada. Yako mtoto alinunua dukani kwenyewe, hakuna tapeli. Wa kumfuata ni Google. Ingia kwenye historia ya maagizo ya Google Play uombe kurudishiwa. Ndani ya saa 48 njia ni rahisi zaidi, baada ya hapo unaelekezwa kwa wenye mchezo. Halafu weka uthibitisho kwenye kila ununuzi ili asiweze kurudia. Ila mwambie mtoto ukweli, hela ikirudi, daimondi wanaweza kuzichukua na akaunti inaweza kufungiwa.

#10 Nahodha_Tanga

Jibu la #9 ndilo linaloeleza daimondi za bei ya kutupa zinatoka wapi! Mtoa mada kasema muuzaji "haiwezekani." Inawezekana kwa muda. Mtu ana kadi ya benki ya wizi. Wewe unampa ID tu, wala haombi paswedi, na ndiyo maana watu wanamwamini. Ananunua dukani kabisa kwa kadi hiyo, daimondi zinaingia, unafurahi, unamlipa, unaleta na wenzako darasani. Baada ya wiki kadhaa mwenye kadi anaona makato asiyoyajua, analalamika benki, benki inavuta hela. Wenye mchezo wanakuta kuna daimondi zilizotumika ambazo hazijalipiwa, na zimo kwako. PUBG Mobile walishawahi kuwaachia watu salio la UC, ambazo ni kama daimondi zao, lenye alama ya kutoa mbele. Aliyefungiwa ni mtoto, muuzaji keshahamia namba nyingine.

Kwa hiyo kwenye barua ongeza: hata asiyeomba paswedi anaweza kukuletea balaa.

#11 Kisauni_Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu wa Tanga, si kila bei rahisi ni wizi. Bei za vitu hivi si sawa kila nchi. Kuna watu wananunua kwa akaunti za nchi ambazo sarafu yao imeshuka, wanauza huku wakipata faida kidogo. Mimi nina mtu wangu, nanunua eFootball coins kwake, bei yake ni nafuu na sijawahi kupata shida.

#12 Nahodha_Tanga

Tofauti ya nchi na nchi inaweza kukupunguzia kiasi fulani, nakubali. Lakini soma tena hesabu ya mtoa mada, kitu cha zaidi ya laki kwa elfu 15. Ni sarafu ya nchi gani hiyo?

#13 Kisauni_Kwetu

Hiyo ya elfu 15 sikuitetea. Nimesema si kila bei rahisi.

#14 DadaWaMakete

Mimi naona wote wawili mnawapa sifa kubwa mno. Wengi wa hawa hawana kadi ya wizi wala hawajui sarafu ya nchi gani imeshuka. Mdogo wangu alinunua za shilingi 2,000 akapata. Akanunua za 5,000 akapata. Akakusanya za wenzake bwenini, 48,000, akatuma, kimya. Zile za mwanzo jamaa alinunua dukani kwa bei ya kawaida, akatoa hasara ya shilingi elfu chache ili apate 48,000. Kutega ndege kwa punje, basi.

Na wakati anatuma, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la muuzaji. Lilikuwa jina la mwanamke. Akauliza, akajibiwa "hiyo laini ya wakala wangu." Akabonyeza. Mtoa mada, weka hilo kwenye barua yako. Jina linatokea kabla ya kuweka namba ya siri, na mtu akikupa maelezo kwa nini jina si lake, simama hapohapo.

#15 MjombaTabata

Nawashukuru. #14 hilo la jina linaingia. #10, nakubali kwamba kuna anayeomba ID peke yake, nitaiandika upya ile sehemu. Ila sijaelewa, mtoto atawezaje kumtofautisha wa kadi ya wizi na yule wa #11 mwenye "mtu wake"? Kwa mtoto wote wanaomba ID na wote wanaleta mzigo.

#16 Nahodha_Tanga

Siku ya kwanza hawezi. Hata mimi siwezi.

#17 Kisauni_Kwetu

Anauliza wanaonunua tangu zamani. Wa kwangu ana miaka kwenye kazi hii.

#18 DadaWaMakete

Wa mdogo wangu naye alikuwa na grupu lenye watu wengi wa kusema "nimepokea, asante boss." Baadaye mdogo wangu akagundua namba tatu kati ya hizo zinaandika kwa makosa yaleyale ya herufi. Ni mtu mmoja na laini nyingi.

#19 Dogo_Ilala

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 17 nacheza. Naona hamjasema la mtu wa kati, Kipanya kalitaja likapita. Huko ndiko wanakolizwa wengi sasa hivi kwa sababu sote tunajua kutotoa paswedi kwanza.

Inakuwa hivi. Mnakubaliana kumtumia msimamizi wa grupu fulani anayeaminika. Mwenzako anasema "ngoja nimuite," anafungua grupu la watu watatu, msimamizi yumo, picha ileile, jina lilelile. Kumbe ni namba nyingine. Kwenye Telegram wanaweka herufi kubwa ya `I` mahali pa `l` ndogo, kwa macho huoni. Mnampa wote wawili akaunti. Wewe umetoa, mwenzako hajatoa kitu, kwa sababu mwenzako na msimamizi ni mtu mmoja. Dawa ni kumtafuta msimamizi mwenyewe kwenye grupu lake la siku zote, usimpokee wa kuletwa.

Kuna na kitu kingine, wanapiga video ya WhatsApp wanasema "shea skrini nikuelekeze kufunga akaunti." Unaposhea, namba ya uthibitisho ikiingia juu ya skrini wanaiona. Hujawatumia chochote, umeingia mwenyewe.

#20 Mwl_Msamvu

Marahaba Dogo. Hii ya kushea skrini naipeleka kwa vijana wangu. Mimi ni mwalimu wa malezi, na kuna kijana alificha kutapeliwa muhula mzima. Aliogopa kipigo kuliko alivyoogopa hasara, na tapeli alilijua hilo, akaendelea kumtisha kwamba atamwambia baba yake asipoongeza hela. Ile sentensi ya "sitakunyang'anya simu" ipandishe juu kabisa, mstari wa kwanza. Hayo mengine yakae chini yake.

#21 ZuberiMtulivu

Nakazia #20. Na iwe sauti.

#22 Kamau_wa_Nakuru

Wasee wa Tanzania, niaje. Huku kwetu ukitapeliwa hivyo unatuma ile meseji ya M-Pesa kwenda 456 pesa inarudi. Mfundishe kijana hiyo tu, si lazima barua.

#23 Kisauni_Kwetu

Kamau, 456 ni ombi, na imekusudiwa aliyekosea namba. Hawa wakora pesa haikai. Ikiingia inatolewa kwa ajenti dakika hiyohiyo, na laini ikiwa tupu hakuna cha kurudisha. Tuma haraka hata hivyo, lakini usimwambie mtoto kwamba ana bima.

#24 FundiSimu_Kkoo

Kwa upande wa Bongo, namba ya tapeli na meseji yake vitumwe 15040 ya TCRA, kama zile za "ile hela tuma kwenye namba hii." Hela sikuahidi, ila laini ikilalamikiwa inashughulikiwa. Na kwa akaunti ya Facebook iliyochukuliwa, aanze siku hiyohiyo kupitia `facebook.com/hacked` akiwa na simu aliyokuwa akiitumia siku zote. Kuna watoto wanaifomati simu kwanza kwa hofu, kisha wanaleta kwangu. Simu ya zamani kinachoifaidisha ni kwamba Facebook wanaitambua, ukiifomati umejipunguzia nafasi.

#25 Kipanya_HS

Fundi, mimi bado nasema marafiki wawili wanaokaa mtaa mmoja, wanaofahamiana nyumbani, wanaweza kubadilishana. Hapo siku 7 hazina maana, namjua mama yake.

#26 FundiSimu_Kkoo

Kumjua mama yake kunasaidia, sikatai. Ila siku yeye mwenyewe akiibiwa ile Google, na picha zake na namba zake zimo, na wewe ndiye unayeishika, nani ataulizwa kwanza?

#27 DadaWaMakete

Na wakigombana? Vijana wa miaka 15 wanagombana kila Ijumaa.

#28 MjombaTabata

Nimeiandika upya. Sentensi ya simu imepanda juu. Nimeongeza jina linalotokea kabla ya namba ya siri, siku 7 za Google, mtu wa kati wa kuletwa na kushea skrini. Pale nilipoandika kwamba muuzaji hawezi kuleta daimondi, sasa nimeandika kwamba wengine wanaleta na akaunti inafungiwa baadaye, ila kama bei rahisi inatoka kwenye kadi ya wizi, tofauti ya nchi au chambo, nimemwachia alivyosema kila mmoja wenu, akachague mwenyewe anayeona ana hoja. Nitamrekodia sauti pia, Zuberi.

#29 Dogo_Ilala

Mjomba, kabla hujatuma, muulize akaunti yake imefungwa wapi leo. Kama ni ile ya mgeni, haijafungwa kwenye Facebook wala Google, simu ikipotea au gemu likifutwa imekwenda bila tapeli yeyote. Na kama ni Facebook, aangalie namba iliyomo bado iko hewani.

#30 MamaWawili_Arusha

Google wamenijibu, wameniambia nisubiri. Dogo, hiyo ya mgeni unaiona wapi? Wangu nikimuuliza anasema "iko sawa mama," na simu anaivuta.